«Iko solidi?» Neno moja, maswali manne: jembe, sakado na bashe

Soko la Virunga kule Goma ao soko la Kadutu kule Bukavu, mazungumzo ni yale yale. Mama anashika sakado ya mtoto, anaivuta kidogo, kiisha anauliza: «Hii iko solidi?» Muuzaji anajibu mbio: «Iko solidi kabisa mama, haiharibikake!» Hatua chache mbele, muuzaji wa majembe anatoa jibu lile lile. Na yule wa bashe pia. Kwenye simu, wale wanaotangaza bidhaa kwa picha wanaandika «solidi 100%», na etiketi za kiwanda zinaongeza maneno mengine: imara, robusti, rezistanti, ya kudumu.

Wauzaji wengi hawasemi uongo. Shida ni kwamba neno «solidi» linajibu maswali manne kwa mara moja, na kitu kinaweza kushinda swali moja na kuanguka kwenye lingine. Swali la kwanza ni la nguvu: kitu kinaweza kuvutwa ao kubeba uzito gani mbele ya kukatika? La pili ni la ugumu: kikisuguana na jiwe, mchanga ao chuma kingine, kinalika mbio ao polepole? La tatu ni la kuvumilia pigo: kikigongwa kwa ghafula kinapasuka, ao kinapokea pigo na kubaki kizima? La nne ni la kudumu: kikikaa kwenye jua na mvua mwezi kwa mwezi, kinabaki na nguvu gani?

Jembe linaonyesha vizuri tofauti kati ya swali la pili na la tatu.

Chukua mfano wa mama anayelima upande wa Nyiragongo, kwenye udongo uliojaa mawe ya volkano. Ananunua majembe mawili, yote yamepakwa rangi, yote yanaitwa solidi. Wiki ya pili, la kwanza linapiga jiwe na kipande cha makali kinaruka. La pili halipasuki, lakini kila jioni makali yake yamejikunja, na linapungua urefu haraka kwa sababu ya kunolewa kila siku. Yote mawili yamemuangusha, lakini kwa sababu zinazopingana: la kwanza ni gumu kupita kiasi, la pili ni laini kupita kiasi.

Sababu iko kwenye moto. Chuma chenye kaboni ya kutosha, kama kile cha resori ya gari ambacho mafundi wengi wa kufua chuma wanakipenda, kinapashwa mpaka kinakuwa chekundu, kiisha kinatumbukizwa kwenye maji ao mafuta. Hapo kinakuwa kigumu sana, lakini pia kinavunjika kirahisi, karibu kama chupa. Kwa hiyo fundi mzuri anakipasha tena kwa moto mdogo, bila kukifikisha kwenye wekundu. Moto huo wa pili unapunguza ugumu kidogo na kurudisha uwezo wa kupokea pigo. Fundi akiruka hatua hiyo, anatoa jembe la kwanza. Na akitumia chuma laini cha kutengenezea milango na madirisha, anatoa jembe la pili. Chuma hicho kina kaboni kidogo, na hata kikitumbukizwa kwenye maji hakiwezi kuwa kigumu vya kutosha.

Ndiyo maana ugumu na kuvumilia pigo vinavutana. Ukiongeza kimoja, kwa kawaida unapunguza kingine, na jembe zuri ni mapatano kati ya vyote viwili. Kwenye soko, tupa ndogo inaweza kusaidia kujua. Pitisha tupa kwenye makali, pale ambapo rangi haifuniki. Ikiteleza juu bila kushika, makali ni magumu sana na jiwe litayapasua. Ikikula chuma kirahisi kama vile inakula msumari, makali ni laini. Ikishika, lakini kwa kutumia nguvu, hapo pako pazuri. Kiisha ninginiza jembe na uligonge kidogo kwa chuma: sauti safi inayoendelea ni alama nzuri, na sauti iliyokufa inaweza kuonyesha ufa uliofichwa chini ya rangi. Uangalie pia pale tundu la mpini linapokutana na jembe. Kama vipande viwili vimechomelewa, na kidonda cha kuchomelea ni chembamba ao kina matundu, jembe litakatikia pale hata kama makali ni mazuri.

Kwa sakado, hesabu inabadilika. Hapa etiketi mara nyingi inaandika namba, kwa mfano 600D. Wengi wanafikiri namba hiyo ni kipimo cha nguvu, kama vile kilo ambazo sakado inaweza kubeba. Sivyo. Inapima unene wa uzi: ukichukua uzi huo wa urefu wa mita 9000 na kuupima, utapata gramu 600. Uzi wa 300D ni nusu ya uzito huo. Kwa hiyo, kama uzi ni wa aina moja na umefumwa namna moja, 600D itakuwa nzito na itavumilia msuguano kuliko 300D. Lakini nailoni na poliesta zenye namba moja hazina nguvu sawa: nailoni inapita kwa kuvutwa na kusuguliwa, poliesta inapita kwa kuvumilia jua.

Tena, ni mara chache sakado ya mwanafunzi inakufa kwa sababu kitambaa chenyewe kimekatika. Inakufa pale mkanda wa bega umeshonewa, ao kwenye tireti. Mtoto akitembea, mzigo wa kaye na vitabu haukai kimya. Kila hatua unaruka na kuvuta mkanda kwa kishindo. Kama mwisho wa mkanda umeshikwa na mstari mmoja wa uzi kwenye kitambaa kimoja tu, matundu ya sindano yanaanza kupanuka, kitambaa kinachanika kama karatasi ya stempu, na mkanda unatoka na nyuzi zake. Mzazi anasema kitambaa ni kibaya, kumbe kitambaa kingedumu miaka.

Hapa ndipo neno «imara» lina kazi yake. Nguvu ni ya kitambaa, lakini uimara ni wa kitu kizima pamoja na maungio yake. Ili kujua, geuza sakado ndani nje. Mwisho wa mkanda unapaswa kuingia ndani ya mshono, ukiwa na kitambaa cha pili cha kuunga mkono, na uwe umeshonwa kwa mraba wenye msalaba katikati ao mistari kadhaa inayorudi. Vuta mkanda kwa nguvu na uangalie matundu ya sindano: yakifunguka na mwangaza kupita, acha. Funga na kufungua tireti mara kumi, hasa kwenye kona. Ikikwama sakado ikiwa tupu, haitafungika ikiwa imejaa.

Kinabaki swali la nne, lile la wakati. Gunia jeupe la plastiki, lile la kubebea maharagi na makala, linafumwa kwa nyuzi za polipropilene. Siku ya kwanza lina nguvu ya ajabu. Watu wawili wanalibeba na kilo 100 ndani bila hofu. Liache kwenye jua miezi kadhaa bila dawa ya kuzuia jua ndani ya plastiki yake, na utaliona linapoteza mng'ao, linatoa unga mweupe kwenye vidole, kiisha linachanika kwa kuvutwa na mkono mmoja. Hakuna aliyelivuta wala kulipiga. Mwangaza wa jua umekata minyororo midogo inayofanya plastiki ishikane. Gunia lilikuwa na nguvu, lakini halikuwa la kudumu.

Bashe ni hadithi hiyo hiyo, na hapa kuosea kunaleta hasara kubwa, kwa sababu chini yake kuna familia ao mavuno. Bashe nyepesi za rangi zinazouzwa madukani mara nyingi hazisemi kitu juu ya jua. Bashe nyeupe za misaada, zile za mita 4 kwa 5 ao 4 kwa 6 ambazo wakaaji wa kambi wanazijua, zinanunuliwa kwa njia nyingine. Anayeagiza haandiki «solidi» kwa kiwanda. Anaagiza uzito, karibu gramu 200 kwa kila mita mraba. Anaagiza nguvu ya kuvutwa, na mbali na hiyo, nguvu ya kuzuia mchaniko ulioanza usiendelee. Kiisha anaagiza kipimo cha jua: kipande kinawekwa chini ya taa kali kwa mamia ya saa, halafu kinavutwa tena ili kuona nguvu iliyobaki. Kila swali lina jibu lake, na bashe inayoanguka kwenye moja haipokelewi.

Mnunuzi wa kawaida hana taa wala mashini. Lakini anaweza kukunja kona ya bashe mara nyingi pahali pamoja na kuangalia kama ngozi ya juu inabanduka kutoka kwenye nyuzi. Anaweza kuinua bashe kuelekea mwangaza na kuona kama nyuzi zimesongamana ao ziko mbali mbali. Na kama muuzaji anaanika kipande kimoja nje ya duka tangu msimu uliopita, kipande hicho kinasema mengi kuliko etiketi: anaweza kuomba kukivuta.

Wauzaji nao wanaweza kupata faida wakiacha neno moja la jumla. Anayeandika kwenye simu «sakado solidi 100%» hana tofauti na wengine mia. Anaweza kuandika hivi: «Sakado ya masomo, poliesta 600D. Mikanda imeshonwa kwa msalaba na kuungwa kitambaa cha pili. Tireti ni ya plastiki, usiijaze kupita kiasi. Haizuie mvua ya muda mrefu.» Sentensi mbili za mwisho zinaonekana kama zinaharibu biashara, lakini ni zenyewe zinazuia mteja kurudi baada ya mwezi akiomba makuta yake.

Mama wa mwanzo, yule wa sakado, hahitaji kubadilisha swali lake sana. Muuzaji akijibu «iko solidi», anaongeza tu: «Solidi kwa nini: kwa uzito, kwa kusuguliwa, kwa kupigwa, ao kwa jua?» Kiisha anageuza sakado ndani nje na kuangalia mshono wa mkanda.