Namba kubwa ya FSH ina maana gani? Mazungumzo ya kila mwezi kati ya ubongo na ovari

Mwanamke anayechelewa kushika mimba mara nyingi huagizwa na daktari kupima damu siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Katika karatasi ya majibu huwapo herufi tatu, FSH, na mbele yake namba. Wako wanaofurahi wanapoona namba kubwa, wakidhani kwamba homoni ya uzazi ikiwa nyingi, basi uwezo wa kuzaa nao ni mkubwa. Mambo ni kinyume. Ili kuifahamu namba hiyo, inabidi kufuata ujumbe unaotoka ubongoni kwenda kwenye ovari, na jibu linalorudi.

Ujumbe unaotumwa kwa mapigo

Chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna sehemu yenye ukubwa unaokaribia lozi iitwayo haipothalamasi. Hutoa kichocheo kiitwacho GnRH, ambacho hushuka kwa mishipa midogo ya damu hadi kwenye tezi ya pituitari, tezi isiyozidi ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari nayo humwaga katika damu homoni mbili: FSH, yaani homoni ya kuchochea folikuli, na LH, ambayo kazi yake kubwa huonekana yai linapokaribia kutoka. Folikuli ni vifuko vidogo vilivyomo ndani ya ovari, na kila kimoja hulea yai moja.

Kichocheo cha haipothalamasi hakitiririki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo, takriban kila baada ya dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Mwaka 1978, Ernst Knobil na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walieleza majaribio yao kwa kima ambao haipothalamasi zao zilikuwa zimeharibiwa. Kichocheo kilipotiwa katika damu kwa dakika 6 katika kila saa, pituitari iliamka na kutoa homoni zake. Kilipotiwa mfululizo bila kukatika, pituitari ilinyamaza. Kana kwamba mtu anabisha mlango: pigo na kimya husikika, lakini kelele isiyokoma huzoeleka na kupuuzwa.

Safari ya siku 28

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, tukihesabu siku ya kwanza ya hedhi kuwa siku ya kwanza.

Siku chache kabla ya hedhi kuanza, homoni zilizotolewa na ovari katika mzunguko uliopita hupungua. Breki iliyokuwa ikiizuia pituitari hulegea, na FSH huanza kupanda. Wakati huo ovari zake zina folikuli kadhaa zenye kipenyo cha milimita 2 hadi 5. Folikuli hizo hazikuanza kukua mwezi huu. Zimekuwa njiani kwa miezi, zikikua polepole bila kuitegemea FSH. Sasa zimefika hatua ambayo bila homoni hiyo haziwezi kuendelea. FSH ikipanda, zinaokolewa kwa pamoja na kuanza kukua.

Kadiri zinavyokua, chembe zilizoizunguka kila folikuli hutengeneza estrojeni, pamoja na homoni nyingine iitwayo inhibini. Zote mbili hupanda hadi ubongoni na kuiambia pituitari ipunguze FSH. Kwa hiyo folikuli zenyewe ndizo zinazofunga mlango uliozipitisha.

Hapo ndipo moja huchaguliwa. Kati ya siku ya 5 na ya 7, FSH inaposhuka, folikuli nyingi hukosa kiasi zinachohitaji, zikasinyaa na kufa. Ile iliyotangulia kidogo, yenye takriban milimita 10, huwa imejenga vipokezi vingi vya FSH na kuanza kuitikia LH pia, hivyo huweza kuishi kwa kiasi kidogo kilichobaki. Ndiyo sababu kwa kawaida binadamu huzaa mtoto mmoja. Katika matibabu ya kupandikiza mimba, sindano za FSH huuacha mlango wazi kwa siku nyingi zaidi, na folikuli ambazo zingekufa hukomaa pamoja na mwenzao.

Folikuli iliyobaki hukua hadi karibu milimita 20, na estrojeni yake huongezeka sana. Ikibaki juu kwa takriban siku mbili, ujumbe wake hugeuka. Homoni iliyokuwa ikiizuia pituitari sasa huichochea, na LH humwagwa kwa wingi. Takriban saa 36 baada ya LH kuanza kupanda, karibu na siku ya 14, folikuli hupasuka na yai hutoka. Kifuko kilichobaki hutoa projesteroni kwa wiki mbili hivi. Mimba isipotunga, kifuko hicho hufifia, breki hulegea tena, na FSH hupanda kwa ajili ya mwezi unaofuata.

Kuisoma karatasi ya maabara

Sasa turudi kwenye karatasi ile. Tuseme damu ya mwanamke wetu ilichukuliwa siku ya 3, na FSH ikawa uniti 6 kwa lita. Maana yake ni kwamba ubongo umeita kwa sauti ya kawaida na folikuli zimejibu. Tuseme mwenzake mwenye umri wa miaka 36, ambaye hedhi yake haijaonekana kwa miezi mitano, amepata 45. Huyu folikuli zake ni chache mno au haziitikii, hivyo hakuna estrojeni wala inhibini ya kutosha kuizuia pituitari, nayo huzidi kuita. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekatika kwa miezi minne au zaidi, FSH inayozidi 25 huwafanya madaktari washuku kwamba ovari zimechoka mapema.

Namba ndogo nayo si salama daima. Mwanamke aliyekonda kupita kiasi, au anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha, huweza kukosa hedhi huku FSH yake ikiwa chini. Hapo ovari zina folikuli. Mapigo ya haipothalamasi ndiyo yamepungua.

Tena namba huweza kudanganya. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projesteroni huwa na FSH iliyokandamizwa na dawa, hivyo kipimo hakionyeshi hali yake halisi. Vilevile, folikuli iliyowahi kukua mapema huweza kutoa estrojeni nyingi kufikia siku ya 3 na kuishusha FSH, kiasi kwamba ovari zilizochoka huonekana nzima. Kwa sababu hiyo FSH hupimwa pamoja na estrojeni katika damu ile ile, na mara nyingi daktari huhesabu pia folikuli ndogo kwa ultrasaundi.

Aliyepokea majibu yasiyo na tarehe ya hedhi wala kiwango cha estrojeni ana haki ya kumuuliza daktari maswali mawili: damu hii ilichukuliwa siku ya ngapi ya mzunguko, na estrojeni ilikuwa kiasi gani siku hiyo?