Emoji katika Maoni ya Wateja Waandikao kwa Kiswahili: Mipaka ya Upimaji wa Hisia kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kupima hisia zinavyozisoma emoji katika maoni ya wateja kuhusu bidhaa, na kwa nini alama zinazotolewa huweza kupinduka pale maoni yanapoandikwa kwa Kiswahili. Programu inayochambuliwa ni VADER. Hoja ya msingi ni kwamba programu hiyo huichukulia emoji kuwa neno lenye uzito usiobadilika, ilhali katika maoni ya mteja emoji ni kitendo: hukejeli, hubembeleza, au hutilia mkazo kile ambacho maneno yamekwisha kusema.

1.0 Utangulizi

Wauzaji wa mtandaoni, na pia taasisi zinazofuatilia haki za walaji, hupokea maoni mengi kuliko yanavyoweza kusomwa na watu. Kwa hiyo maoni hupitishwa kwenye programu inayoyapa kila moja alama ya hisia, kisha wastani wa alama hizo hupelekwa kwa wanaotoa uamuzi. Mtoa uamuzi huona namba, haoni sentensi. Iwapo namba inasema wateja wameridhika, malalamiko kuhusu betri mbovu au pesa zisizorejeshwa hayamfikii, ingawa yamo katika data.

VADER ilielezwa na Hutto na Gilbert mwaka 2014, na hutumiwa sana kwa sababu ni ya bure, ina kasi, na haihitaji kufunzwa kwa data mpya. Moyo wake ni kamusi ya maingizo takriban 7,500 ya Kiingereza, kila moja likiwa limepewa uzito na wapimaji kumi katika kipimo cha kuanzia -4 hadi +4. Uzito wa maneno yote yanayotambuliwa katika sentensi hujumlishwa, kisha jumla hiyo, tuseme `x`, hubanwa ikae kati ya -1 na +1 kwa kanuni hii:

```
x / sqrt(x*x + 15)
```

Kwa desturi, alama ya 0.05 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya, -0.05 au chini yake huwa hasi, na zilizo katikati huitwa za wastani.

2.0 Emoji Husomwa kwa Jina Lake

Jambo ambalo watumiaji wengi wa VADER hawalijui ni kwamba emoji zenyewe hazikupimwa na wale wapimaji kumi. Programu inapokutana na emoji, huitoa na kuweka mahali pake jina lake la Kiingereza, kisha huyapima maneno ya jina hilo kama maneno mengine yoyote. Emoji 😂 hugeuka kuwa `face with tears of joy`. Neno `joy` lina uzito wa 2.8 na neno `tears` lina -0.9, hivyo picha nzima hupata 1.9. Emoji 😭 hugeuka kuwa `loudly crying face`, na neno `crying` huivuta hadi -2.1. Emoji 🔥 husomwa `fire`, yenye -1.4. Emoji 🙏 husomwa `folded hands`. Maneno hayo mawili hayamo katika kamusi, basi picha huhesabiwa sifuri.

Majina hayo yaliwekwa katika mfumo wa Unicode ili kutofautisha picha moja na nyingine. Hayakukusudiwa kueleza hisia za mtu anayezituma. Kuyatumia kama ushahidi wa hisia ni sawa na kupima furaha ya bibi harusi kwa kusoma lebo iliyobandikwa kwenye gauni lake.

Katika maoni ya Kiingereza kasoro hii hupunguzwa makali na maneno yaliyo jirani, kwa kuwa nayo yamo katika kamusi. Katika maoni ya Kiswahili sivyo. Maneno kama "mbovu", "nimeridhika" na "wezi" hayatambuliwi, kwa hiyo kila neno huchangia sifuri na emoji hubaki kuwa msemaji pekee. Kuitafsiri kamusi neno kwa neno hakutoshi, kwa sababu ukanushi wa Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi. VADER hutafuta neno la kukanusha lililosimama peke yake kabla ya neno lenye hisia; katika "sikuipenda" au "haifanyi kazi" hakuna neno la namna hiyo la kutafutwa. Kamusi iliyotafsiriwa inaweza kulijua neno "penda" na bado isiitambue tofauti ya "niliipenda" na "sikuipenda".

3.0 Maoni Matatu na Wastani Mmoja

Mifano mitatu ifuatayo imetungwa ili kuonyesha hesabu inavyokwenda. Mteja wa kwanza ameandika: "Betri inaisha saa sita mchana 😂😂😂". Maneno yote ni sifuri. Emoji tatu zina jumla ya 5.7, na kanuni hutoa 0.8271, yaani chanya kwa kiwango cha juu. Mteja wa pili: "Gauni limenikaa vizuri kuliko nilivyotarajia 😭😭🔥". Jumla ni -5.6 na alama ni -0.8225, yaani hasi kabisa. Mteja wa tatu: "Naomba mnirudishie pesa yangu 🙏🙏". Alama ni sifuri.

Msomaji yeyote wa Kiswahili ataona kwamba wa kwanza analalamika, wa pili amefurahi mno, na wa tatu anadai haki yake. Programu imekosea mara tatu kati ya tatu. Hata hivyo, wastani wa alama hizo ni 0.0015, na ripoti itasema kwamba wateja wana hisia za wastani. Makosa yamefutana, na hakuna kitu katika namba ya mwisho kinachomshtua anayeisoma.

Kicheko cha mteja wa kwanza ni kijembe. Mnunuzi anayecheka mara tatu baada ya kutaja kasoro hamsifu muuzaji. Anamwanika mbele ya wanunuzi wengine, na kicheko kinaongeza makali ambayo maneno peke yake yasingekuwa nayo. Jamii iliyozoea mipasho ya taarabu haihitaji kuelezwa hilo. Wala jambo hili si la Waswahili pekee. Kralj Novak na wenzake (2015) waliwatumia wapimaji 83 kubainisha hisia katika jumbe takriban milioni 1.6 za Twitter zilizoandikwa kwa lugha 13 za Ulaya. Kati ya jumbe zilizokuwa na 😂, takriban robo zilikuwa hasi. Kwa 😭, takriban theluthi moja zilikuwa chanya. Orodha waliyoitoa ni bora kuliko kusoma majina, kwa kuwa inatokana na matumizi halisi, lakini nayo huishia katika namba moja kwa kila emoji. Ile robo ya vicheko vichungu humezwa na wastani ulio chanya. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha hizo.

Mikono ya mteja wa tatu inahitaji uangalifu zaidi. Katika Kiswahili 🙏 hubeba "tafadhali", "asante", "samahani", "pole" na dua, na mara nyingi hubeba mawili kwa pamoja. Adabu ya mazungumzo humtaka mlalamikaji alainishe dai lake, hasa anapomwandikia mtu asiyemjua ambaye bado ameshika pesa zake. Kadiri hasara inavyokuwa kubwa ndivyo huenda akazidi kubembeleza. Programu inayoipa 🙏 sifuri huliweka dai hilo katika kundi la maoni yasiyo na hisia. Orodha inayoipa uzito chanya, kama ile ya jumbe za Ulaya, hufanya vibaya zaidi, kwani hulihesabu kuwa shukrani. Kwa namna zote mbili, mteja mwenye adabu ndiye anayepotea kwanza.

4.0 Moto wa Aina Mbili

Tatizo halimalizwi na kamusi ya Kiswahili, hata iwe nzuri kiasi gani. Tuchukue sentensi mbili kuhusu bidhaa moja: "Simu hii ni moto wa kuotea mbali 🔥" na "Simu hii inapata moto ikichajiwa 🔥". Ya kwanza ni sifa ya juu. Ya pili ni taarifa ya betri inayoweza kuwa hatari. VADER huzipa zote -0.34. Mtafiti akiamua kuirekebisha 🔥 iwe chanya, kwa hoja kwamba vijana huitumia kusifu, atakuwa ameirekebisha sentensi ya kwanza na kuigeuza ya pili kuwa pongezi. Neno "moto" lenyewe lina utata uleule. Kinachotenganisha maana ni kitenzi: "ni moto" dhidi ya "inapata moto".

Kwa mshauri wa sera, tofauti hii ni nzito kuliko ile ya vicheko. Malalamiko ya usalama huwa machache, na machache hayo ndiyo ambayo wastani huyazamisha kwa urahisi. Ni salama zaidi kuyatafuta kwa maneno, kama vile "inapata moto", "imevimba" au "imelipuka", na kuyapeleka kwa msomaji binadamu bila kujali alama ya hisia inasema nini.

5.0 Namna ya Kuutambua Upotokaji

Hatua ya kwanza ni rahisi na haihitaji mtaalamu: maoni yapimwe mara mbili, kwanza yakiwa na emoji, kisha zikiwa zimeondolewa. Iwapo mara ya pili karibu kila alama inashuka hadi sifuri, programu haijasoma Kiswahili hata kidogo, imesoma picha. Hatua ya pili ni kulinganisha alama na nyota alizotoa mteja, na kuyasoma yale maoni ambayo viwili hivyo vinapingana. Nyota si hakimu mkamilifu, kwani mtu anaweza kutoa nyota moja kwa sababu ya msafirishaji huku akiipenda bidhaa. Hata hivyo, penye mgongano ndipo makosa hupatikana kwa haraka.

Hatua ya tatu ina gharama, lakini ndiyo inayofundisha zaidi. Wapimaji wawili wanaozungumza Kiswahili cha mahali maoni yalikotoka husoma maoni bila emoji na kuyapa hukumu, kisha huyasoma tena yakiwa na emoji. Hukumu isipobadilika, emoji ilikuwa ya kusisitiza tu. Ikibadilika, emoji ndiyo iliyobeba kejeli au ombi, na maoni hayo hayafai kuachiwa kamusi. Wapimaji wawe wa rika tofauti, kwa kuwa 😭 ya kijana huwa kicheko mara nyingi kuliko ya mzazi wake.

Wapimaji hao nao hawatakubaliana daima. Miller na wenzake (2016) walionyesha kwamba hata watu wanaotazama picha ileile iliyochorwa vilevile hutofautiana, katika robo ya nafasi, kuhusu iwapo ni chanya, ya wastani au hasi, na michoro ya kampuni tofauti huongeza tofauti hiyo. Kwa hiyo jedwali la matokeo linahitaji safu ya nne, ya maoni yasiyoamulika, na idadi yake ichapishwe pamoja na alama badala ya kugawanywa kimyakimya kati ya chanya na hasi. Aidha, matini ya asili ihifadhiwe na emoji zake zote, kwa sababu hatua ya kusafisha data mara nyingi huzifuta kabla mtu yeyote hajazisoma, na zikishafutwa, sentensi ya betri inayoisha saa sita mchana hubaki bila kijembe chake.