Degedege katika sura ya pili ya tasnifu

Mwanafunzi wa saikolojia ya afya anayeandika kuhusu degedege katika bonde la Kilombero hakosi machapisho. Tatizo lake huanza anapoyaweka kwenye sura ya pili: Makemba na wenzake (1996) walichunguza Bagamoyo, Hausmann Muela na wenzake (1998) walichunguza Ifakara, de Savigny na wenzake (2004) walichunguza Rufiji. Kila mtafiti ana aya yake, na hakuna anayemjibu mwenzake. Ukizipangua aya hizo na sura isiharibike, hayo si mapitio bado, ni orodha tu.

Pa kuanzia ni swali ambalo tafiti zote zinaligusa: je, imani ya mzazi kuhusu chanzo cha ugonjwa ndiyo inayoamua mtoto apelekwe wapi? Chora jedwali. Kila utafiti uwe na mstari wake; safu ziwe jibu lake kwa swali hilo, watu waliochunguzwa, na mbinu iliyotumika. Kisha soma jedwali kwa kushuka safu ya majibu. Hapo mada zinajitokeza zenyewe.

Jibu la kwanza linasema ndiyo. Bagamoyo, degedege lilihusishwa na nguvu zisizo za kawaida, na mganga wa jadi alikuwa na nafasi kubwa katika tiba. Jibu la pili linapinga: Rufiji, wengi wa waliofariki kwa malaria walikuwa wametafuta kwanza tiba ya kisasa. La tatu, linalotoka Ifakara, ndilo ninaloliona zito zaidi. Watu walieleza kwamba uchawi unaweza kuficha vimelea visionekane kwenye kipimo, au kuleta malaria ya uongo. Kwa hiyo hospitali na mganga hawashindani. Mmoja humfungulia mwenzake njia.

Sasa aya haianzi tena na jina la mtafiti, inaanza na dai: “Imani haichagui kati ya hospitali na mganga, hupanga nani atangulie.” Majina yanafuata kama ushahidi, na utafiti mmoja unaweza kurudi katika aya mbili. Dillip na wenzake (2009), waliochunguza matumizi ya vituo vya afya kwa wakati katika Kilombero na Ulanga, wanaingia hapa kwa sababu swali lao ni hilo hilo.

Wengi hupaparika wakifika kwenye mgongano wa Bagamoyo na Rufiji. Huandika kwamba matokeo yanatofautiana, wakapita. Rudi kwenye safu ya mbinu. Data za Rufiji zilitokana na kuwahoji wafiwa kuhusu safari ya marehemu. Zinaeleza waliofariki tu. Mtoto aliyepelekwa kwa mganga, kisha zahanati, akapona, hamo humo. Basi Rufiji haiwezi kulifuta dai la Bagamoyo. Inachoweza kuonyesha ni kwamba kuanza hospitali hakukutosha kuokoa maisha, na hapo mwandishi anahitaji mada nyingine: ubora wa huduma na umbali wa kituo, mambo yasiyokaa kichwani mwa mzazi.