Spika ya mikutano: kuunganishwa si kuchaguliwa

Makanisa yetu ya Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, na yale ya Fizi, juu milimani, yanazidi kufanya vikao vya komite kwa simu. Barabara ikiharibika au usalama ukiwa mdogo, wazee hawawezi kusafiri. Baadhi ya makanisa yamepata spika ya mikutano: kifaa kidogo cha mviringo kinachowekwa katikati ya meza, chenye spika na mikro ndani yake. Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: kwa nini spika imeunganishwa, lakini sauti ya kikao bado inatoka kwenye simu?

Sababu ni kwamba simu ina njia mbili za kupeleka sauti kwa Bluetooth. Moja ni ya muziki, nayo hupeleka sauti upande mmoja tu. Nyingine ni ya mazungumzo, ambayo hupeleka sauti kwenye spika na kurudisha sauti kutoka mikro yake. Kwa hiyo wimbo unaweza kulia vizuri, huku mazungumzo yakibaki ndani ya simu.

Tuchukue mfano. Watu tisa wa komite wako Baraka, na wazee watatu wako Fizi. Wanataka kupatana juu ya orodha ya jamaa za wakimbizi watakaopewa chakula. Mwenyekiti ndiye mwenye simu. Ikiwa mikro inayofanya kazi ni ile ya simu yake, wazee wa Fizi watamsikia yeye peke yake. Mama anayekaa mwisho wa meza akisema kwamba jamaa fulani limesahauliwa, Fizi hawatalijua, nao watakubali orodha ambayo hawakuisikia yote.

Kabla ya kikao, washeni spika, kisha bonyezeni kitufe chake chenye alama ya Bluetooth mpaka taa ianze kumetameta. Kwenye simu, fungua mipangilio, ingia Bluetooth, tafuta kifaa kipya, na uguse jina la spika. Kwenye simu nyingi za Android, ukigusa alama ya gurudumu kando ya jina hilo utaona swichi kadhaa. Ile ya mazungumzo, kwa Kiingereza `Phone calls`, lazima iwe imewashwa.

Sasa piga simu Fizi. Mazungumzo yakianza, tazama kitufe cha spika kwenye kioo cha simu. Kwa kawaida, Bluetooth ikiwa imeunganishwa, kitufe hicho hufungua orodha: simu yenyewe, spika ya simu, na jina la spika ya mikutano. Chagua jina hilo. Kwenye WhatsApp ni vivyo hivyo. Wengi hukosea hapa: wanachagua spika ya simu kwa mazoea, na sauti inaondoka mezani. Jina lisipoonekana kabisa, rudi ukaangalie ile swichi.

Msiridhike kwa sababu mnasikia vizuri. Hilo halionyeshi mikro ipi inafanya kazi. Acheni simu mbali na meza. Mtu aliye mwisho wa meza ataje namba tatu kwa sauti ya kawaida, na mzee wa Fizi azirudie. Kisha mtu agonge kidogo mezani karibu na spika. Fizi wakisikia kishindo kikubwa, mikro ya mezani ndiyo inayosikia.

Kuacha simu mbali kuna faida nyingine. Katika nyumba yenye mabati, mara nyingi mtandao hupatikana dirishani. Simu ibaki dirishani na spika ikae mezani, mradi umbali usizidi mita chache na ukuta usiwe katikati. Lakini spika haiongezi nguvu ya mtandao: maneno yakikatika kwa sababu mtandao ni dhaifu, yataendelea kukatika.

Angalieni pia simu za wengine. Spika hukumbuka simu zilizowahi kuungana nayo, na simu ya mweka hazina inaweza kuikamata kabla ya ile ya mwenyekiti. Ndiyo maana wengine wazime Bluetooth. Wengine wa Baraka wasiingie katika simu hiyo hiyo kwa simu zao wakiwa chumba kimoja, maana sauti itarudi kama mwangwi.

Mwisho, spika huwafikishia sauti hata walio nje ya dirisha. Majina ya jamaa na mambo ya nidhamu yasisomwe kabla ya kujua ni nani anayesikia, Baraka na Fizi pia. Na kabla ya kupitisha neno lolote, mwenyekiti awaombe wazee wa upande wa pili walirudie kwa maneno yao.