Mizani Nane za Ofa ya Idi

Siku za mwisho za Ramadhani, baada ya futari, njia za Darajani mjini Unguja hujaa wanunuzi, na kila duka lina lake la kutangaza. Anayepita hasimami kusoma kibao. Kinachomfikia ni sauti, nayo humfikia kwa muda wa hatua tatu nne tu kabla ya kumezwa na sauti ya duka la pili.

Tuseme muuza kanga ameamua kutoa zawadi. Tangazo lake la kwanza huwa hivi: “Kila mteja atakayenunua doti mbili za kanga atapewa mtandio mmoja bila malipo, ofa hii ni mpaka sikukuu.” Halina kosa, ila mpita njia ameshafika kwa jirani kabla halijafika kwenye mtandio.

Dawa yake iko katika ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliandika kanuni ambazo malenga walikuwa wakizifuata tangu zamani: mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, uliokatwa katikati nane kwa nane. Mizani nane ndiyo pumzi moja ya mtu anayetembea. Kwa hiyo muuza kanga anahitaji vipande vinne tu vya mizani nane, viwili viwili vikiwa na kina kimoja.

Jambo zito kuliko yote ni neno “bure”, na hapo ndipo wengi hukwama. Huliweka mwishoni ili lisikike, kisha hutafuta mwenzake wa kina na kumkosa, maana maneno yanayoishia kwa “re” na yanayofaa dukani ni machache mno. Afadhali likae katikati, mwisho ukabidhiwe neno lenye ndugu wengi. “Nakupa” ni zuri. Lakini “mtandio bure nakupa” ni mizani tisa, kwa kuwa ile “m” ya mwanzo ni silabi kamili: m-ta-ndi-o. Mtandio ukiitwa ushungi, mizani moja inaondoka na nguo ni ileile ya kichwani.

Sharti la ofa nalo lisikike kabla ya zawadi. Aliyejaribu “doti mbili, rangi nyingi, bure chukua ushungi” alipata vina vitamu, lakini hakutaja malipo, na mteja mjanja angedai vyote vitatu bure. Neno la kulipa lazima liwemo. Wenye kuchunga lugha watasema “ukilipia”, ila nalo linazidisha mizani. Sokoni “ukilipa” linaeleweka na halimkoseshi mtu haki yake.

Kimebaki kikomo cha ofa. Tarehe haisaidii, kwani mfungo huisha kwa siku 29 au 30, na hakuna ajuaye mpaka mwezi uonekane. Tena tarehe ni ndefu kutamka. “Asilimia ishirini” nayo, kwa wanaopenda punguzo la namna hiyo, ni mizani tisa peke yake, haijaachia nafasi hata ya jina la duka. Lakini kila mtu Unguja anajua maana ya mwezi kuandama, na neno hilo linamleta mwenzake lenyewe:

Doti mbili ukilipa,
ushungi bure nakupa;
hadi mwezi kuandama,
njoo Darajani, mama!

Hesabu kila mstari kwa vidole, utapata nane. Vina vya “kuandama” na “mama” vimelingana kwa “ama” nzima, na kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, sauti inapanda palepale vina vinapoanza kufanana. Jozi ya kwanza inalingana kwa “pa” tu. Inatosha, ingawa ni dhaifu kidogo. Kinachoepukwa ni kumalizia “nunua” na “pata” kwa kudhani “a” moja inatosha. Vitenzi vingi vya Kiswahili huishia kwa “a”, kwa hiyo sikio halioni ajabu yoyote.

Kipimo ni mtoto wa jirani. Asomewe mara mbili, kisha aulizwe: unalipa doti ngapi, unapewa nini, mpaka lini? Akiimba vizuri lakini akakosea jibu moja, mstari wenye jibu hilo ndio wa kurekebisha.

Muuza kanga asijaribu kukiimba kibwagizo hiki vilevile Idi Kubwa. Idi hiyo huwa tarehe kumi ya Mfunguo Tatu, na mwezi huandama siku kumi kabla yake. Ofa ingekufa biashara haijachanganya. Abadilishe mistari miwili ya mwisho:

hadi Arafa kufika,
njoo Darajani, shika!