Mteja Wako Akifilisika: Tarehe Moja, Karatasi Mbili

Wanunuzi wa Nairobi waliiona hali ya Nakumatt kabla ya mahakama. Mwaka 2017 mtu aliingia dukani kutafuta unga akakuta pakiti moja ya sabuni imesogezwa mbele ili rafu isionekane tupu. Nyuma ya rafu hizo walikuwapo watu wasioonekana na mnunuzi: waliopeleka maziwa, mikate, mayai na karatasi za chooni, wakaondoka na ankara zilizopigwa muhuri na ahadi ya kulipwa baada ya siku 60. Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka kampuni hiyo, iliyokuwa na maduka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, chini ya msimamizi. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ifungwe.

Kwa mgavi mdogo, habari ya namna hiyo huleta maswali mawili kwa pamoja, na kosa la kwanza ni kuyachanganya. Swali moja ni la kesho: je, niendelee kupeleka mzigo, au mkataba huu niuvunje? Jingine ni la jana: zile pesa ambazo tayari wananidai… hapana, ambazo mimi nawadai wao, nitazipataje? La kwanza hujibiwa kwa notisi ya kusitisha mkataba, la pili kwa fomu ya uthibitisho wa deni. Kinachoyatenganisha ni tarehe ambayo kampuni iliingia rasmi mikononi mwa msimamizi au mfilisi. Iandike tarehe hiyo juu ya faili lako kabla ya kufanya jambo lolote, maana kila hesabu itaanzia hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Thika anatengeneza siagi ya karanga na kuiuzia supamaketi kila Jumanne. Asubuhi ya Jumanne gari lake likiwa barabarani, anapigiwa simu kwamba mahakama imeteua msimamizi wa kampuni hiyo. Afanye nini na katoni zilizomo garini?

Anaweza kuligeuza gari. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuushikilia mzigo ulio bado mikononi mwake pale mnunuzi anapokuwa mufilisi, hata kama walikubaliana kuuziana kwa mkopo. Na kama mzigo ameukabidhi kwa kampuni ya usafirishaji, bado anaweza kuusimamisha njiani kwa kumpa msafirishaji taarifa, mradi mnunuzi hajaupokea. Gharama ya kuurudisha ni yake. Na kwa sheria hiyo, mufilisi hahitaji kuwa na amri ya mahakama: inatosha kwamba ameacha kulipa madeni yake kama kawaida ya biashara, au hawezi kuyalipa yanapofika muda wake.

Haki hiyo hufia mlangoni. Katoni zikishapokelewa na karani akapiga muhuri, mama huyu hawezi kurudi jioni na vijana wawili kuzibeba. Hata mkataba wake ukisema kwamba bidhaa ni zake hadi atakapolipwa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamtaka apate kwanza kibali cha msimamizi au cha mahakama ndipo achukue kitu kilicho mikononi mwa kampuni. Vivyo hivyo kwa kesi: kampuni ikiwa chini ya usimamizi, huwezi kuishtaki wala kuendelea na kesi uliyoianza bila kibali hicho. Lengo ni kumzuia mdai mwenye mbio asichote kisima peke yake. Alilo nalo ni kumwandikia msimamizi mapema, kutaja kifungu cha mkataba, na kumwomba azihesabu na kuzitenga bidhaa zake kabla hazijauzwa. Hapo namba za toleo zilizochapwa kwenye chupa zina thamani kuliko maneno matamu, kwa kuwa bila alama hakuna anayeweza kusema chupa ipi haijalipiwa.

Sasa mkataba wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mwenzako akifilisika mkataba hufa papo hapo. La. Unaendelea kuwa hai mpaka mwenye haki ya kuuvunja auvunje, na haki hiyo huitafutia ndani ya mkataba. Mama wa Thika anafungua wake na kukuta kifungu kinachosema kwamba upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya maandishi ikiwa mwenzake amewekewa msimamizi au mfilisi, au ameingia mapatano na wadai wake. Sheria ya Kenya ya 2015 haikuweka katazo la jumla dhidi ya vifungu vya aina hii. Lakini uangalie mkataba wako unafuata sheria ya nchi gani. Uingereza, tangu Juni 2020, mgavi kwa kawaida hawezi kusitisha kwa sababu tu mteja ameingia kwenye ufilisi, na Marekani vifungu hivyo kwa sehemu kubwa havina nguvu mteja akishaomba kinga ya mahakama.

Kisha asome maneno kama yalivyo. Kifungu kikisema “akiwekewa msimamizi”, basi uvumi wa sokoni hautoshi, wala rafu tupu, wala cheki iliyorudi. Anayekimbilia kuvunja mkataba kabla ya tukio lililotajwa anageuka yeye kuwa mvunja mkataba, na msimamizi anaweza kumdai fidia na kuikata kwenye deni analodai. Asipokuwa na kifungu cha ufilisi, ajitegemeze kwenye kifungu cha kutolipwa kwa wakati: mara nyingi kinadai notisi ya kwanza ya kutaka kosa lirekebishwe, na siku kadhaa za kusubiri.

Notisi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Itaje mkataba na tarehe yake, kifungu kinachotumika, tukio lililotokea na siku lilipotokea, na tarehe ambayo mkataba unakoma. Imalizie kwa sentensi moja kwamba haki zote zilizokwisha kupatikana, pamoja na madeni, zinabaki. Ipelekwe kwa njia iliyotajwa mkatabani. Kama imeandikwa rejista ya posta au kwa mkono kwenye ofisi iliyosajiliwa, basi ujumbe wa simu kwa meneja wa manunuzi si notisi. Nakala moja iende kwa msimamizi, kwa kuwa sasa ndiye mwenye mamlaka.

Kuvunja si lazima. Huenda msimamizi anataka maduka yabaki wazi, na siagi ya karanga inauzika. Mama anaweza kuendelea kwa sharti la kulipwa taslimu kabla ya gari kuondoka Thika. Hapa ile tarehe inafanya kazi yake kubwa. Mzigo unaoagizwa na msimamizi baada ya tarehe hiyo ni gharama ya usimamizi, na gharama za usimamizi hulipwa kabla ya madeni ya zamani. Apate agizo la maandishi lenye saini ya msimamizi au mwakilishi wake, kwani LPO ya zamani haitamsaidia.

Tugeukie pesa za jana. Notisi ya kusitisha haidai chochote. Kilichodaiwa hudaiwa kwa fomu ya uthibitisho wa deni. Msimamizi au mfilisi huwaandikia wadai anaowaona kwenye vitabu vya kampuni na hutangaza, na matangazo ya mfilisi yatafute pia kwenye Gazeti la Serikali. Usingoje barua. Kama vitabu vya mteja vilikuwa vimevurugika, na vya anayefilisika mara nyingi huwa hivyo, jina lako linaweza kuwa halimo.

Mama anaketi na ankara zake. Ana saba ambazo hazijalipwa, jumla shilingi 1,344,000. Moja, ya shilingi 84,000, ni ya mzigo ulioagizwa na msimamizi baada ya tarehe. Hiyo anaitoa kabisa na kuipeleka kwake kama gharama ya usimamizi. Zinabaki 1,260,000. Anatoa shilingi 48,000 za chupa zilizorudishwa kwa kuvunjika, na 150,000 zilizolipwa nusunusu mwezi uliotangulia. Deni lake ni shilingi 1,062,000. Hawezi kuongeza faida aliyotarajia kupata Jumanne zijazo kana kwamba ni ankara, wala riba ambayo haina msingi katika mkataba au sheria.

Kwenye fomu anaandika jina na anwani yake, jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa, kiasi kilichodaiwa kufikia ile tarehe, deni lilivyotokea na lini, kama lina kodi ya VAT na riba ndani yake, kama ana dhamana yoyote, na kama anadai kwamba bidhaa bado ni zake. Anaambatanisha mkataba, LPO, ankara, hati za kupokelea mzigo zenye muhuri, na taarifa ya akaunti. Hati za kupokelea ndizo roho ya dai. Ankara huiandika mwenyewe, lakini muhuri ule ni wa mteja, nao ndio unaothibitisha kwamba mzigo ulifika. Anabaki na nakala iliyogongwa “imepokelewa”.

Mfilisi anaweza kulikubali dai, kulikubali nusu, kulikataa au kutaka ushahidi zaidi, hata kiapo. Akilikataa anatakiwa kutoa sababu kwa maandishi, na mdai anaweza kwenda mahakamani. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hiyo barua ya kukataliwa isilale mezani. Dai huleta pia kura: kwenye mikutano ya wadai, uzito wa kura huenda kwa kiasi cha deni, na asiyewasilisha dai kabla ya mkutano huenda akabaki mtazamaji.

Mwisho ni foleni. Benki yenye dhamana ya jengo au mashine hujilipa kutokana na mali hiyo. Kisha zinatoka gharama za kufilisi. Wanafuata wafanyakazi kwa mishahara ya hadi miezi minne iliyotangulia, kila mmoja kwa kikomo cha shilingi 200,000, halafu kodi. Wagavi wasio na dhamana wako nyuma ya hao wote, na wao hugawana kilichobaki kwa uwiano. Tuseme wamebakiziwa shilingi milioni 60 na wanadai milioni 1,200. Kila shilingi inapata senti tano, na mama wa Thika anapokea 53,100 kwa deni la zaidi ya milioni.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini mufilisi hana dawa hiyo. Ukiipanga hesabu ya mama huyu, zile 84,000 za baada ya tarehe, zilizo na agizo lenye saini, zinaweza kumletea zaidi ya ankara sita za kabla yake. Na katoni alizozigeuza barabarani Jumanne ile hazipo kwenye foleni yoyote. Ziko ghalani kwake, zikingoja mnunuzi mwingine.