Milioni moja na laki tatu zisizoonekana kwenye bei ya nyumba

Ukinunua jengo mjini nchini Kenya, bei mliyokubaliana na muuzaji ni mwanzo tu. Kabla hatimiliki haijasoma jina lako, utakuwa umelipa ushuru wa stempu, umemlipa wakili, na kama una busara umemlipa pia mpima ardhi akahakikishe mawe ya mpaka yako pale ramani inaposema. Fedha zote hizo zimetoka, na mwisho wa mwaka mweka hesabu anauliza: je, haya ni matumizi ya mwaka huu au ni sehemu ya jengo?

Wengi huyaandika kama matumizi, kwa sababu risiti zake zinafanana na za umeme na mafuta ya gari. Hapo ndipo wanapokosea, na kosa hilo huweza kuwagharimu pesa taslimu miaka mingi baadaye.

Tuchukue kampuni ndogo ya familia inayonunua jengo la nyumba za kupangisha mjini Nakuru kwa shilingi milioni 20, ardhi ikiwa ni yao moja kwa moja. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini ni asilimia 4, na vijijini ni asilimia 2. Mthamini wa serikali anapolikagua jengo anasema thamani yake ni milioni 21, na ushuru hutozwa kwa kiwango kilicho juu kati ya bei na thamani hiyo. Kwa hiyo wanalipa 840,000. Wakili wao anawatoza 300,000, na juu yake VAT ya asilimia 16, yaani 48,000. Mpima ardhi anachukua 42,000, na mtaalamu aliyekagua paa, nyufa na mabomba anachukua 70,000.

Kanuni inayoamua jambo hili ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinasema gharama ya mali ni bei yake pamoja na kila kitu kilicholipwa moja kwa moja ili kuipata. IAS 40, inayohusu majengo ya kupangisha, inataja waziwazi ada za wanasheria na kodi za kuhamisha umiliki. IAS 16, inayohusu majengo unayoyatumia mwenyewe, ina msimamo huo huo. Bila ushuru wa stempu hakuna usajili, na bila usajili hakuna jengo lako. Basi ushuru huo ni sehemu ya jengo kama yalivyo matofali.

VAT ya wakili nayo inaingia, lakini kwa sababu maalumu: kodi ya nyumba za kuishi haitozwi VAT, kwa hiyo kampuni hii haiwezi kudai zile 48,000 kutoka KRA. Angekuwa mnunuzi mwenye haki ya kuzidai, zingebaki nje ya gharama ya jengo.

Jumla ya nyongeza ni milioni 1.3, na mali inaingia vitabuni kwa milioni 21.3. Angalia kwamba ile milioni 21 ya mthamini wa serikali haikuingia popote. Ilitumika kukokotoa ushuru tu. Bei iliyolipwa inabaki milioni 20, na anayeandika 21 kwa sababu ameiona kwenye karatasi rasmi anavuruga hesabu.

Sasa inakuja kazi ambayo mara nyingi hurukwa. Ardhi haichakai, jengo linachakaa, kwa hiyo lazima vitenganishwe. Tuseme mthamini wa kampuni amekadiria ardhi asilimia 40 ya bei na jengo asilimia 60. Ushuru na ada ya wakili vinahusu vyote viwili, basi vinagawanywa kwa uwiano huo. Kazi ya mpima ilikuwa juu ya mipaka, kwa hiyo yote naiweka kwenye ardhi. Ukaguzi wa paa na nyufa ni wa jengo peke yake. Ukijumlisha, ardhi inasimama kwa shilingi 8,517,200 na jengo kwa 12,782,800. Jengo likikadiriwa kudumu miaka 40, uchakavu wa kila mwaka ni 319,570. Gharama za ununuzi zinaingia kwenye faida na hasara taratibu, pamoja na jengo zilizolileta. Sehemu iliyo kwenye ardhi inatulia mpaka siku ya kuuza.

Lakini si kila stakabadhi yenye jina la wakili ni ya jengo. Kampuni yetu ilikopa benki milioni 10, na rehani nayo hutozwa ushuru wa stempu, asilimia 0.1, yaani shilingi 10,000. Wakili wa benki alilipwa 150,000 na mthamini wa benki 50,000. Hizi 210,000 zililetwa na mkopo. Wangelipa fedha taslimu zisingekuwepo. Kwa hiyo zinakwenda na mkopo, zikisambazwa kama sehemu ya riba katika miaka ya kuulipa. Namna ya kupima ni kujiuliza gharama ile imezaliwa na nini.

Kuna pia jengo la kwanza walilolikagua wakaliacha baada ya mtaalamu kuona msingi umetitia. Yule alilipwa 45,000, na kwangu mimi hizo ndizo fedha zilizotumika vizuri kuliko zote. Hata hivyo hakuna mali iliyopatikana, basi ni matumizi ya mwaka ule ule. Malimbikizo ya ada za kaunti yaliyoachwa na muuzaji ni jambo jingine: mnunuzi akikubali kuyalipa ili apate cheti cha kutodaiwa, hiyo ni sehemu ya bei. Ada za kaunti za miezi inayofuata, pamoja na bima na mlinzi, ni matumizi ya kawaida.

Wako wanaoamua kuonyesha jengo la kupangisha kwa thamani ya soko kila mwaka. Kwao pia gharama hizi zinaingia siku ya kwanza, lakini hazikai. Mnunuzi mwingine hatakulipa kwa sababu wewe ulilipa ushuru. Kama soko bado linasema milioni 20 mwisho wa mwaka, ile milioni 1.3 inatoka kama hasara. Si kosa la mweka hesabu. Ndivyo njia hiyo inavyofanya kazi, na wenye hisa waambiwe mapema.

Tuje kwenye kodi. Mpangishaji wa nyumba za kuishi mwenye mapato yasiyozidi milioni 15 kwa mwaka kwa kawaida hulipa asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya, bila kutoa gharama yoyote. Hata aliyechagua utaratibu wa kawaida hawezi kukata ushuru wa stempu wa ununuzi, kwa kuwa ni gharama ya mtaji. Kwa hiyo kuyaandika kama matumizi hakumpunguzii kodi ya mwaka hata senti.

Nafasi yake inakuja siku ya kuuza. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, hutozwa juu ya faida baada ya kuondoa gharama ya kupata mali, na sheria inaruhusu ada za wataalamu na gharama za uhamisho zihesabiwe. Jengo likiuzwa milioni 28, faida juu ya 21.3 ni milioni 6.7 na kodi ni 1,005,000. Asiyeweza kuthibitisha gharama za ununuzi atahesabiwa faida ya milioni 8 na kulipa 1,200,000. Tofauti ni shilingi 195,000.

Miaka 15 ikipita, wakili anaweza kuwa amestaafu na mpima amehama. Chapisho la malipo ya ushuru kutoka iTax, ankara ya wakili yenye jina la kampuni badala ya jina la mkurugenzi, na ripoti ya mpima viwekwe pamoja na nakala ya hatimiliki, visichanganywe na risiti za mwaka ambazo hutupwa baada ya miaka michache.